Wa tano kutoka kushoto

Tanga, Jumapili jioni

Tatu mwenzangu,

Salamu sana, wewe na shemeji na wajukuu wote. Huku hatujambo, magoti tu ndiyo yananisema kila nikiinuka mkekani. Zamu ya kuandika ilikuwa yako, na deni hilo silisahau, lakini leo nalisamehe kwa kuwa nina shida na kitu kilichomo kabatini mwako.

Ile picha ya darasa, ya 1984. Usiniambie umeipoteza.

Binti wa marehemu Salehe alinijia. Yule kitinda mimba, aliyefiwa na babake hajaanza hata kutambaa. Nyumbani kwao haikubaki picha hata moja. Sasa mmoja wa wenzetu (simtaji, utamjua kwa haraka zake) akampa nakala ya picha ya darasa pamoja na ile orodha ya majina, akamwambia, "Baba yako ni wa tano kutoka kushoto, mstari wa nyuma." Mtoto wa watu akaenda studio, wakaikata ile sura, wakaikuza, akaitia kwenye fremu. Akaja kunionyesha kwa furaha. Tatu, yule si Salehe, yule ni Chande! Masikio yale wewe utayasahau?

Sikumwambia kitu. Masikio peke yake si ushahidi, na miaka ni mingi. Nikampa chai, akaondoka, nikaitoa nakala yangu nikaiweka mezani.

Kwanza nilitaka kujua kama ile aliyopewa haikugeuzwa, maana siku hizi watu wanaipiga picha kwa kamera ya mbele ya simu, na nyingine hutoka kushoto kumekuwa kulia. Hilo lina dawa rahisi. Mfuko wetu wa shati, ule wenye nembo, ulikuwa upande wa moyo, kwa hiyo anayeitazama picha anapaswa kuuona kuliani kwake. Upo kulia. Halafu, kushoto kwa nani, kwetu sisi tunaotazama au kwao waliosimama? Mkuu wa shule hasaidii, yeye yuko katikati ya viti, ukihesabu huku au kule ni palepale. Wanaosaidia ni wa pembeni. Orodha inaanza waliokaa na mhasibu na kuishia na matroni, na kwenye picha mhasibu yuko kushoto kwangu mimi. Basi hapo jamaa yetu alikuwa sawa.

Alipoteleza ni kwamba hakuhesabu vichwa. Alihesabu majina akasimama kwenye la tano. Mimi nimehesabu mstari ule wa nyuma mara sijui ngapi: vichwa ni kumi na viwili, majina ni kumi na moja. Mtu mmoja yupo pale na hana jina, na kila aliye baada yake amesogea hatua moja.

Nikafanya hivi. Nilianza kushoto na wale ninaowajua bila orodha: wa kwanza, wa pili, wa tatu, majina yanakubali. Nikaenda mwisho wa kulia nikarudi nyuma: Maneno wa mwisho kabisa, anafuata Kombo, mpaka vichwa vitano, navyo vinakubali. Katikati vimebaki vichwa vinne, cha nne mpaka cha saba, na majina matatu. Jina la katikati katika hayo matatu ndilo Salehe. (Usibabaike ukiona S. Hamisi wawili, mmoja ni Sauda, tena yuko chini kwenye majani pamoja na sisi.) Asiye na jina akiwa kichwa cha nne au cha tano, Salehe ni wa sita. Akiwa wa sita au wa saba, Salehe ni yuleyule wa tano na mimi nanyamaza.

Sasa nani hana jina? Hapo ndipo niliposhtuka. Pitia orodha yote, hata wale walioandikwa mwishoni kuwa hawakuwepo. Chande hayumo. Unakumbuka babake alimjia wiki ile ya msiba wa Sokoine, Aprili, wakahama moja kwa moja. Picha ilipigwa kabla, kwa hiyo yumo. Lakini orodha haikupigwa taipu siku ile. Mbele ya jina la Mwajuma pameandikwa kiranja wa bweni, na Mwajuma alipewa ukiranja baada ya likizo ya Juni, kelele zake zote unazijua. Aliyeiandika nadhani alikuwa na daftari la mahudhurio mkononi, na Chande alikwisha kufutwa humo. Akawapanga waliobaki, na pengo halikuonekana kwa sababu majina yalifuatana vizuri tu.

Kwa hiyo mimi nasema wa tano ni Chande na wa sita ni Salehe. Lakini nakwama palepale: huyo wa sita kwenye nakala yangu alitikisika, uso umekuwa ukungu mtupu. Siwezi kumpelekea yule binti ukungu na kumwambia huyu ndiye babako, kisha nimnyang'anye mwenye sura nzuri aliye kwenye fremu.

Ndiyo maana nakuandikia. Mpiga picha alipiga mbili siku ile, "moja tena, msicheke!", na nakala zilizouzwa zilichanganyika. Yangu ni ile ambayo mkuu wa shule ameweka mikono magotini na Mwajuma amefumba macho. Kama kwako mambo ni tofauti, basi unayo ya pili. Lakini usizichukue namba zangu, hesabu upya, maana kati ya picha na picha watu hubadilishana nafasi, na Maneno hakuwahi kutulia mahali.

Ukiipata, usiibandue kwenye kadibodi yake. Ilaze mezani karibu na dirisha, pasipo jua, zima taa ya simu, piga kutoka juu kabisa. Piga na pembe zote, na mgongo wake pia. Huenda kuna muhuri wa studio au penseli ya mtu. Kisha itume kama dokumenti, siyo picha ya kawaida, maana ikibanwa nyuso zinakwisha. Na itume kwangu tu. Ikiingia kwenye kundi kila mtu atasema lake, na wote watamwona Salehe pale watakapoambiwa yupo.

Mpango wangu ni kwenda Pangani kwa dada yake Salehe na zile sura nne peke yake, hazina majina, nimwache achague mwenyewe. Akisema wa tano, nimekubali.

Sasa nijibu. Mwajuma wako anacheka au amefumba? Nyuma ya picha pameandikwa nini? Wewe unamkumbuka Salehe amesimama karibu na nani siku ile, au ulikuwa unamwangalia mwingine, kama kawaida yako? Na yule binti nimwambie sasa, au nisubiri mpaka dada mtu aseme? Na Chande je, si walihamia huko kwenu Masasi? Mwanao anayefundisha huko hajawahi kulisikia jina hilo? Akipatikana, atumalizie kazi kwa neno moja: siku ile kulia kwake alisimama nani.

Mwenzako wa dawati,
Mwanaidi