Kontrakta anadai pesa zake: hati ya madai huanzia kwenye mkataba

Kontrakta mmoja aliyejenga nyumba ya wageni Shela alitujia na karatasi moja tu: "Nadai 1,460,000." Kujumlisha alijumlisha sawa. Tatizo ni kwamba msuluhishi asingejua kila shilingi imetoka kifungu gani cha mkataba. Sheria ya Usuluhishi ya 1995, kifungu cha 24, inamtaka mdai aeleze mambo yanayolitegemeza dai lake, hoja zinazobishaniwa na nafuu anayoomba. Basi tukafungua mkataba, tukazipanga pesa zile upya.

Kwanza cheti cha tatu cha malipo. Msanifu alikitia sahihi, mkataba unasema kilipwe ndani ya siku 14, na mwenye nyumba akatoa nusunusu. Zimebaki 580,000. Hapa hapana maneno mengi: kifungu, cheti, taarifa ya benki. Riba ya mkataba ni asilimia 12 kwa mwaka, yaani 5,800 kila mwezi, nayo inahesabiwa tangu siku ya 15, si tangu siku fundi alipokasirika.

Birika la maji ndilo lililotupa kazi. Halikuwamo kwenye michoro, gharama yake 240,000, na mkataba unataka kazi ya ziada iagizwe kwa maandishi. Kontrakta alishikilia kwamba mwenye nyumba alimwambia kwa mdomo. Tulipopekua simu yake tukaukuta ujumbe wa msanifu: "Anza birika, mawe ya Manda yakifika." Hati yetu ikasema ujumbe huo ni agizo la maandishi; na msuluhishi asipokubali, basi mwenye nyumba aliiona kazi ikijengwa, akanyamaza, na maji anayateka humo hadi leo. Hoja ya pili ni dhaifu kuliko ya kwanza, lakini lazima iandikwe mapema. Ukiikumbuka siku ya kusikilizwa, upande wa pili utapinga.

Zilizobaki ni pesa zilizozuiliwa, asilimia 10 ya kazi ya 6,400,000. Yeye alidai zote 640,000. Mkataba unatoa nusu siku ya kukabidhi jengo, na nusu baada ya miezi sita ya kurekebisha kasoro, nayo haijaisha. Tukadai 320,000, na kwa nusu ya pili tukaomba tamko kwamba itastahili kulipwa muda ukitimia. Hakufurahi! Lakini dai lisiloiva humpa mdaiwa cha kushika, akaanza kuyatilia shaka na yale mengine.

Jumla ikawa 1,140,000. Ukurasa wa mwisho tukaandika nafuu moja moja: kiasi cha kila dai, riba yake na tarehe inapoanzia, lile tamko, na gharama za usuluhishi. Tunalichunga sana hili, kwa sababu msuluhishi akitoa uamuzi juu ya jambo lililo nje ya yale aliyopelekewa, Mahakama Kuu inaweza kuitengua sehemu hiyo.

Ukija kwetu, njoo na mkataba, vyeti, na simu yenyewe. Usifute meseji.