Namna ya kujiulizia sura ya osmozi

Jambo wote wa sita Biolojia, Goma. Jana kwenye marudio wengi walikuwa wanaandikia chatboti "niulize maswali" tu. Inatoa maswali ishirini na majibu yake chini. Hapo umesoma, hujajibu kitu.

Pigeni picha kurasa za sura, mzitume kwa chatboti, halafu andikeni hivi: "Niulize swali moja moja kutoka kurasa hizi tu. Ngoja jibu langu. Nikikosea, nionyeshe sentensi ya kitabu, unieleze wapi mawazo yangu yalipotoka, kisha uulize lingine la jambo lile lile."

Mdogo wetu mmoja aliulizwa chembe nyekundu ya damu ikiwekwa ndani ya maji safi itakuwaje. Akajibu itasinyaa. Chatboti ikamweleza kwamba amechanganya na maji ya chumvi nyingi: kwenye maji safi, chumvi iko zaidi ndani ya chembe, kwa hiyo maji yanaingia, inavimba na kupasuka. Swali lililofuata lilikuwa la chembe ya jani. Akasema nayo itapasuka! Kumbe alikuwa amesahau ukuta wa selulozi unaoizuia kupasuka.

Andikeni jibu pamoja na sababu, maana ukiandika neno moja haitajua ulikosea wapi.

Picha ikiwa na kivuli, chatboti inaweza kubuni sentensi. Itafuteni kwenye kitabu. Isipokuwepo, acheni swali hilo, mniletee Jumamosi. Wasio na mega, mtakuja na vitabu, tutatumia simu yangu.