Barua kwa wanangu mnaoambiwa mna jini

Wanangu,

Mwezi uliopita, nyumba moja ya Kibokoni, sinia za biriani hazijaondolewa, binti wa miaka 22 alishikwa na wahka. Moyo mbio, vidole ganzi, pumzi haishuki. Wakamtia chumbani, wakafunga madirisha, wakafukiza ubani. Mtu anatafuta hewa, wao wanampa moshi! Mjomba wake akamsomea, na baada ya robo saa akatulia. "Mwaona? Limetoka hilo."

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira. Mshtuko wa aina hiyo kwa kawaida hupanda ukafika kilele ndani ya dakika 10, kisha hushuka wenyewe. Aliyekuwa akisoma wakati ule hupata sifa. Ukirudi wiki ya pili, lawama humwangukia mgonjwa: hasali vizuri, imani yake haba. Na binti yule alikuwa na siku 8 tu tangu aanze vidonge vya hospitali. Dawa zile huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, na siku za mwanzo zaweza hata kuzidisha wasiwasi. Shangazi yake alipomwona anatetemeka zaidi, akasema dawa zamchokoza jini, akazitupa chooni.

Msibishane nao mshtuko ukiwa juu, wala mbele ya wageni. Chukueni daftari. Binti nilimwambia aandike kila mara: saa ulipoanza, saa ulipokwisha, nani alikuwepo, alifanywa nini. Kwa mwezi mmoja ilimshika mara nne. Mbili alisomewa. Moja ilimkuta peke yake kwenye feri ya Likoni, nyingine kitandani usiku, wenzake wamelala. Zote zilikwisha kabla ya dakika 20.

Daftari alimpelekea mjomba, si shangazi, maana nyumba ile husikiliza neno la mjomba. Hakumwambia aache kumsomea. Alimwomba wafuatane kwa daktari, basi. Mzee akalisoma, akanyamaza, kisha akauliza, "Na kule kwenye feri, nani alimsomea?"

Wakisema imani haba, waulizeni kwa adabu: Nabii Yaakub alimlilia Yusuf hadi macho yakawa meupe. Naye imani yake ilikuwa haba?

Mengine ni mafupi. Maumivu ya kifua yakiwa ya mara ya kwanza, mwende mkapimwe, msiseme ni wahka tu. Vidonge msiviache bila kumwambia daktari. Mkipigwa, mkifungwa au mkinyimwa chakula ati jini litoke, ondokeni mwende kwa jamaa mwingine. Mawazo ya kujiua yakija, hospitali siku hiyohiyo.

Binti ameanza upya vidonge, na mjomba humsomea baada ya magharibi. Shangazi bado asema ni jini, ila dawa hazitupi tena.