Asilimia 70 ya kitu gani?

Mhariri,

Muhtasari wa mkataba wa kugawana uzalishaji wa gesi mlioutoa katika toleo lililopita umezua mjadala mkali barazani kwetu Ngamiani. Ulieleza kuwa Serikali itapata asilimia 70 ya gesi ya faida, na wengi wakaelewa kwamba katika kila dola 100 za gesi itakayouzwa, dola 70 ni zetu. Sivyo, naye aliyeuandika hakusema uongo. Alichoacha ni kueleza kwamba hadi gesi ifikie hatua ya kuitwa ya faida, sehemu kubwa imekwisha kuondolewa.

Tuchukue mfano wa kubuni, ili hesabu iwe nyepesi. Kitalu, yaani eneo lililotengwa kuchimbwa gesi, kinauza gesi ya dola milioni 80 kwa mwaka. Kwanza hutoka mrabaha, fungu la Serikali linalokatwa katika mauzo kabla ya gharama, ambao tuuweke asilimia 12.5, yaani milioni 10, na kubaki milioni 70. Kisha mkandarasi, yaani kampuni inayochimba gesi, hurejeshewa gharama zake za utafutaji, uchorongaji na ujenzi wa mitambo, lakini kwa mwaka haruhusiwi kuvuka ukomo uliomo mkatabani. Ukomo ukiwa asilimia 50 ya kilichobaki, atachukua milioni 35. Milioni 35 zinazosalia ndizo gesi ya faida, na asilimia 70 yake ni milioni 24.5. Ukijumlisha na mrabaha, Serikali imepata milioni 34.5 katika zile 80, yaani kama asilimia 43, kabla ya kodi ya mapato ambayo ina hesabu yake.

Huo ni mwaka wa kwanza tu. Tuseme mkandarasi alikwisha kutumia milioni 200 kabla ya gesi kuanza kutoka, na kila mwaka anatumia nyingine 8 kuendesha visima. Mwaka wa kwanza anadai 208, anarejeshewa 35, na milioni 173 zinazobaki hazifutiki, bali huhamishiwa mwaka unaofuata. Mauzo yakibaki yaleyale, deni hilo linakwisha mwaka wa nane. Kuanzia mwaka wa tisa anachorejeshewa ni zile milioni 8 za uendeshaji, gesi ya faida inapanda hadi milioni 62, na Serikali, pamoja na mrabaha, inapata milioni 53.4, yaani theluthi mbili ya mauzo. Mgawo wa 70 kwa 30 haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni ukubwa wa kinachogawanywa. Ndiyo maana muhtasari unaotaja mgawo pasipo kutaja ukomo wa gharama humwacha msomaji gizani. Ukomo huo ungekuwa asilimia 70, mwaka wa kwanza mkandarasi angebeba milioni 49, na fungu la Serikali la gesi ya faida lingeshuka hadi milioni 14.7. Ni kweli kwamba angemaliza kudai mapema zaidi, lakini visima navyo huzeeka na uzalishaji hupungua, hivyo fedha inayosubiriwa miaka ya mwisho haina uhakika sawa na ya leo.

Jambo ambalo naona halizungumzwi vya kutosha ni kwamba kila dola moja ya gharama anayorejeshewa mkandarasi imetoka katika gesi ambayo ingegawanywa 70 kwa 30, kwa hiyo senti 70 zake ni za Serikali. Gharama isiyostahili ikipenyezwa, mathalani sehemu ya mishahara ya makao makuu ng'ambo, au kisima kilichochorongwa katika kitalu kingine, sisi ndio tunaobeba sehemu kubwa. Kwa sababu hiyo Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 iliipa PURA, mamlaka inayodhibiti utafutaji na uzalishaji wa mafuta na gesi, kazi ya kukagua gharama hizo, na gharama iliyokataliwa na wakaguzi huondolewa katika madai ya mkandarasi.

Niongeze hapa, kwa kuwa tupo Tanga, kwamba hesabu hii haihusu bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda linalofika Chongoleani. Mafuta yale ni ya Uganda na yanagawanywa kwa mikataba ya huko. Sisi tuna hisa za asilimia 15 katika kampuni ya bomba kupitia TPDC, shirika letu la petroli, pamoja na tozo na kodi za usafirishaji. Kuna watu barazani bado wanayachanganya mambo haya mawili.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba mtakapochapisha tena muhtasari wa aina hii, mtaje kando ya mgawo ukomo wa gharama ni asilimia ngapi, na ni asilimia ya mauzo yote au ya kinachobaki baada ya mrabaha. Na kama kitalu kimekwisha kuanza kuzalisha, mtafuteni mhusika awape salio la gharama ambazo bado hazijarejeshwa hadi mwisho wa mwaka uliopita.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga