Sukari sita kwenye faili moja: tunavyopanga majina ya bidhaa zako

Mteja wetu mmoja, mama mwenye duka la jumla Morogoro, alituletea faili la mauzo ya miezi sita. Alitaka kujua jambo moja tu: sukari imeingiza shilingi ngapi. Faili lilishindwa kumjibu, maana wauzaji wake walikuwa wakiandika jina la bidhaa kila mtu anavyojua: "sukari", "Sukari 1kg", "skari kilo", "sukali", "suger", "sukar nyeupe". Kwa kompyuta, hizo ni bidhaa sita.

Kwanza tunasafisha. Herufi zote zinakuwa ndogo, nafasi za ziada zinaondoka, na vipimo kama "1kg" au "nusu lita" vinahamia safu yao wenyewe. Hatufuti kila namba, tunatoa ile tu iliyofuatana na kipimo, la sivyo soda ya 7up inabaki "up". Jina la asili tunaliacha palepale kwenye safu yake, ili ukitilia shaka jambo urudi ukaone muuzaji aliandika nini.

Kisha linakuja jedwali la rejea. Kushoto kuna jina kama watu wanavyoliandika, kulia kuna kundi. Kama jina lililosafishwa lipo C2, Excel inalitafuta hivi:

```
=XLOOKUP(C2, Jedwali!A:A, Jedwali!B:B, "KAGUA")
```

Likikosekana, mstari unaandikwa KAGUA. Angalia tu jina lisijirudie kwenye jedwali likiwa na makundi mawili, kwa sababu Excel itachukua la kwanza bila kukuambia.

Jedwali ndilo linalobeba maana. Dukani watu husema "kolgeti" wakitaka dawa ya meno ya aina yoyote, na "sembe" ni unga wa mahindi. Maneno hayo hayafanani hata kidogo na majina ya makundi yake, kwa hiyo hakuna hesabu ya herufi itakayoyaunganisha. Lazima mtu anayelijua duka akae ayaandike.

Mistari iliyobaki na KAGUA mingi ni makosa ya kuandika, na hapo ndipo tunapopima ukaribu wa majina. Kipimo tunachotumia ni cha Vladimir Levenshtein, mwanahisabati wa Urusi aliyekieleza mwaka 1965. Kinahesabu herufi ngapi uongeze, uondoe au ubadilishe ili jina moja liwe jingine. Kutoka "skari" hadi "sukari" unaongeza u tu, yaani badiliko 1. Gawanya kwa herufi 6 za jina refu, utoe kwenye 1, unapata asilimia 83. "Sukali" nayo inapata 83. Mpaka hapo mambo ni mazuri.

Sasa tazama mafuta. Kwenye jedwali kuna "mafuta ya kula", ambayo pamoja na nafasi zake ni herufi 14. Muuzaji mmoja ameandika "mafuta kula": yanahitajika mabadiliko 3, alama ni asilimia 79. Mwingine ameandika "mafuta ya taa", na jina hilo halijaingizwa bado kwenye jedwali. Kutoka "taa" hadi "kula" ni mabadiliko 3 vilevile, alama ni 79. Moja ni sahihi kabisa, jingine lingeingiza mafuta ya taa kwenye hesabu ya vyakula, na alama zao zinalingana. Hakuna kiwango utakachoweka kitakachoyatenganisha.

Ndiyo maana kwetu alama inapendekeza tu, haiamui. Tunapanga mapendekezo kuanzia alama ya chini, kisha tunakaa na mwenye duka, yeye anasema ndiyo au hapana. Kila jibu lake linaandikwa kwenye jedwali, kwa hiyo mwezi ujao "mafuta kula" linapatikana moja kwa moja, na "mafuta ya taa" lina kundi lake la nishati. Majina ya herufi nne au pungufu hatuyapimi kabisa: "ungo" na "unga" vinatofautiana herufi moja, vinapata asilimia 75, na kimoja ni cha kupepetea kingine ni cha kusonga ugali.

Mwishoni tunajumlisha fedha za makundi yote. Jumla lazima ilingane na ya faili la mwanzo hadi shilingi ya mwisho. Ikizidi, kuna mstari umehesabiwa mara mbili. Ikipungua, kuna uliodondoka. Jumla ikilingana lakini kundi moja limeruka ghafla, tunafungua mistari yake na kusoma majina ya asili, na mara nyingi ndipo tunapokuta bidhaa iliyoingia nyumba isiyo yake.

Ukitaka tukufanyie, tuletee mauzo ya mwezi mmoja tu kwanza, pamoja na orodha ya makundi unayotaka kuyaona kwenye ripoti. Tenga pia muda wa kukaa nasi kwenye mistari ya KAGUA, wewe au muuzaji wako wa muda mrefu. Jedwali likikamilika ni lako, unaondoka nalo.