Ndaga fijo, asante sana, dada wa Tukuyu

Binti yangu wa Kidato cha Pili alilazwa kwa malaria, akakosa hisabati. Tulipata rekodi ya kipindi, dakika 80, lakini mvua juu ya bati ilimeza maneno mengi. Mzazi mwenzangu mmoja, dada huyo wa Tukuyu, aliisikiliza mara mbili, akaandika ukurasa mmoja: mada ni kutafuta vigawo, na mfano x² + 5x + 6 = 0, majibu -2 na -3, pamoja na dakika unapoanzia. Maswali yaliyofanywa darasani aliyatenga na ya nyumbani. Pasiposikika aliweka alama ya kuuliza, hakubuni. Mwalimu alisema "Ijumaa ijayo"; dada akampigia simu kuhakikisha, ndipo akaandika: kukusanya Ijumaa tarehe 20, si 13. Hapo mimi ningekosea. Wazazi wenzangu, mkimwandikia mtoto mgonjwa, tarehe iulizeni.