Kaulimbiu Ambayo Mtoto Ataweza Kuitamka Hata Akifungwa

Kwa wazazi, makocha na ninyi wajukuu zangu wachezaji wa akademia,

Nawasalimu nyote. Mmeniletea kaulimbiu mliyoiandaa ili niitazame kabla haijachapishwa kwenye jezi: "Akademia yetu ni chimbuko la vipaji, nidhamu na mafanikio." Maneno yake ni mazuri na yangependeza ukutani, lakini mlisema mnataka kuiimba pamoja, na hapo ndipo ninapoona tatizo. Nimeihesabu na ina mizani 24 bila mahali pa kupumzika. Mtoto wa miaka saba aliyetoka kupasha misuli moto hataifikisha mwisho kwa pumzi moja. Atafika kwenye "vipaji," kisha sauti za watu wazima zitammeza.

Kuna pendekezo la pili, ambalo najua vijana wengi wanalipenda: "Hatushindwi!" Ni fupi, lina mizani minne tu, na linapandisha damu. Hata hivyo, niliwahi kusimama kando ya uwanja ambapo timu ya watoto yenye kaulimbiu ya namna hiyo ilikuwa imefungwa mabao manne kwa bila. Kocha aliwakusanya kwenye duara wafunge mchezo kwa kaulimbiu yao kama kawaida. Nahodha alifungua kinywa, akamtazama kipa wake aliyekuwa akijifuta machozi kwa glavu, akanyamaza. Kaulimbiu ilimwacha mtoto yule saa ile ile aliyoihitaji kuliko saa zote, na tangu siku hiyo kila kaulimbiu ninayoletewa huipima kwanza kwa kipa yule.

Kipimo changu cha pili ni nafsi. Mkisema "Pambana!" au "Cheza kwa bidii!", mzazi na kocha wanamwamuru mtoto, naye hana namna ya kuwarudishia amri hiyo. Mkisema "Mwanangu, bingwa wangu," mchezaji mwenyewe hana la kuitikia. Kiswahili kimetupa kiambishi "tu," ambacho humweka kila anayetamka ndani ya agizo lake mwenyewe. Kwa hiyo ninawapendekezea hii:

Tujitume, tupendane,
leo, kesho na daima.

Mstari wa kwanza una mizani minane, na wa pili minane, jumla 16, kama mshororo wa shairi wenye ukwapi na utao. Sikuufuata mpangilio huo kwa ajili ya mapambo. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na hapa kila kundi la silabi nne linabeba mkazo wake mkuu kwenye silabi ya tatu: tujiTUme, tupeNDAne, leo KEsho, na daIma. Pigeni kofi hapo, makofi manne kwa jumla, na mtaona kwamba hata aliyechelewa kuingia kwenye duara anaudaka mdundo bila kufundishwa. Kaulimbiu yenu ya awali haina mahali pa kupiga kofi kwa mpango, ndiyo maana mlipoijaribu kila mtu alikwenda kwa mwendo wake.

Kila mmoja wenu ana lake la kujibu anapotamka "tujitume." Mchezaji anarudi kukaba baada ya kupoteza mpira, kocha anafika akiwa ameandaa zoezi la siku, mzazi anamleta mtoto kwa wakati. "Tupendane" linawagusa zaidi wazazi, nami nasema hivi kwa upendo: mtu aliyelitamka mbele ya watoto kabla ya mchezo ataona uzito kumzomea mwamuzi, au mtoto wa mwenzake aliyekosa penalti.

Kuhusu namna ya kuimba, kocha asianzishe. Sauti ya mwanamume mzima huwa chini mno kwa watoto, na wakimfuata huko wanaishia kunong'ona. Aanzishe mchezaji mmoja kwa kuita "Tujitume!", wachezaji wote na makocha waitikie "Tupendane!", kisha wazazi walio kando ya uwanja waungane nao katika mstari wa pili. Iimbwe kabla ya mpira kuanza na baada ya filimbi ya mwisho, matokeo yawe yoyote. Msiiimbe bao linapoingia, kwa sababu hapo upande wa pili utaisikia kama kejeli, na neno "tupendane" litakuwa limegeuzwa maana.

Kabla ya kuchapisha jezi, ijaribuni katika mazoezi matatu, na mwanzishaji awe mchezaji mdogo kuliko wote. Mkiona katika zoezi la tatu wadogo bado wananyamaza kwenye "na daima," uondoeni mstari wa pili wote, mbaki na "Tujitume, tupendane," na wazazi waitikie "Tupendane" pamoja na watoto.

Ni mimi mzee wenu.